Stopu Yako Huitazama Bei Mara Ngapi?

Watu wawili wananunua dhahabu sekunde ileile, kwa bei ileile, kwa broka mmoja. Kila mmoja amechukua loti 0.10, yaani aunsi 10, na kila mmoja ameweka stopu inayofuata bei kwa umbali wa dola tano. Dakika tatu baadaye wa kwanza ameshatoka na faida ya dola 27. Mwenzake anatoka na hasara ya dola 12. Wa pili analalamika kwamba broka amemchezea, lakini rekodi za seva ni safi. Tofauti yao ni moja tu: roboti ya wa kwanza hupima kila bei mpya inapoingia, na roboti ya wa pili huamka mara moja kwa dakika, hutazama bei, kisha hulala tena.

Mfano huu tumeutunga, lakini hesabu yake ndiyo inayowakuta vijana wengi wanaofanya foreksi kwa simu na kompyuta Dar es Salaam, Nairobi au Kampala. Wengi huumiza kichwa juu ya umbali wa stopu: iwe dola tatu, tano au kumi? Ni wachache wanaojiuliza umbali huo unapimwa mara ngapi. Na majibu ya swali hili la pili hubadilisha umbali wenyewe.

Inavyofanya kazi

Stopu ya kawaida hukaa palepale ulipoiweka. Ukinunua dhahabu kwa dola 2,400 na kuweka stopu 2,395, bei ikishuka hadi hapo unatolewa sokoni. Stopu inayofuata bei hufanya kazi kama jeki ya meno: bei ikipanda, nayo hupanda jino moja, na bei ikishuka haifuati kwenda chini. Hubaki pale ilipofika, ikisubiri.

Kwa mtu aliyenunua, mantiki yote huingia katika mistari minne:

```python
kilele = max(kilele, bid)
stopu = kilele - umbali
if bid <= stopu:
    funga()
```

Mstari wa kwanza unakumbuka bei ya juu kabisa iliyowahi kuonekana tangu biashara ifunguliwe. Wa pili unatoa umbali kwenye kilele hicho. Miwili ya mwisho inauliza kama bei imeangukia stopu, na kama ndiyo, inafunga. Bei inayotumika ni Bid, ile ambayo soko liko tayari kukulipa ukiuza sasa hivi, maana aliyenunua hutoka kwa kuuza. Aliyeuza kwanza hupimwa kwa Ask, na hesabu yake hugeuzwa: hukumbuka bei ya chini kabisa na kuongeza umbali juu yake.

Mistari hii haisemi itaendeshwa lini. Katika MetaTrader, kwa mfano, ukiiandika ndani ya `OnTick()` itaitwa bei mpya inapofika. Ukiiandika ndani ya `OnTimer()` itaitwa kila baada ya muda uliouchagua. Wengine huweka sharti kwamba ifanye kazi pale tu mshumaa mpya wa chati unapofunguka. Mantiki haijabadilika hata herufi moja, lakini bei ya kutokea itabadilika.

Dakika tatu za dhahabu

Turudi kwa wanunuzi wetu wawili. Wameingia kwa 2,400.00. Hizi ndizo bei za Bid zilizofuata:

| Muda | Bid |
|---|---|
| 0:00 | 2,399.80 |
| 0:20 | 2,401.60 |
| 0:40 | 2,403.10 |
| 1:00 | 2,402.40 |
| 1:20 | 2,405.20 |
| 1:40 | 2,407.90 |
| 2:00 | 2,404.50 |
| 2:20 | 2,402.70 |
| 2:40 | 2,400.10 |
| 2:50 | 2,399.40 |
| 3:00 | 2,398.80 |

Roboti ya wa kwanza imeona kila mstari. Ilipofika 1:40 iliandika kilele cha 2,407.90, hivyo stopu ikasimama 2,402.90. Sekunde 40 baadaye Bid ikawa 2,402.70, chini ya stopu kwa senti 20. Ikafunga hapo. Faida ni dola 2.70 kwa aunsi, yaani dola 27 kwa aunsi 10.

Roboti ya pili imeona mistari minne tu: 0:00, 1:00, 2:00 na 3:00. Kwake, bei ya juu kuliko zote ni 2,404.50. Kilele cha 2,407.90 kilizaliwa na kufa katikati ya usingizi wake. Stopu yake kwa hiyo ni 2,399.50, na ilipoamka dakika ya tatu ikakuta bei imeshaipita: 2,398.80. Ikafunga hapo, kwa hasara ya dola 1.20 kwa aunsi.

Pengo kati yao ni dola 3.90 kwa aunsi, na linafaa kupasuliwa, kwa sababu lina vipande viwili visivyofanana. Kipande cha kwanza ni kilele kilichokosekana: 2,407.90 kutoa 2,404.50 ni dola 3.40. Kipande cha pili ni kupitiliza: roboti ya pili ilitoka senti 70 chini ya stopu yake, na ya kwanza senti 20 chini ya yake, tofauti senti 50. Jumla, dola 3.90.

Kuvitenganisha vipande hivi kuna faida kwa sababu kila kimoja kina dawa yake. Tuchukue mtu wa tatu, ambaye roboti yake nayo huamka kila dakika, lakini badala ya kuiweka stopu kichwani mwake, huipeleka kwa broka kama oda halisi. Katika dakika ya pili iliiweka oda hiyo 2,399.50 na kulala. Bei ilipogusa 2,399.40 kwenye 2:50, seva ya broka ilifunga yenyewe bila kusubiri roboti iamke. Huyu alipoteza senti 60 kwa aunsi badala ya dola 1.20. Kupitiliza kumepungua hadi senti 10, ila kilele kilichokosekana bado kimekosekana. Oda iliyokaa kwa broka huponya kuchelewa kutoka. Kuchelewa kupanda hakuponywi ila na kutazama mara nyingi zaidi.

Umbali uliofichwa

Mfano mmoja unaweza kuwa bahati mbaya tu. Je, kwa wastani, muda kati ya ukaguzi mmoja na mwingine una thamani gani?

Jibu lilitoka katika hesabu za mikataba ya hiari yenye vizuizi, ambayo hufa au kuzaliwa bei inapogusa kiwango fulani. Mwaka 1997 watafiti Mark Broadie, Paul Glasserman na Steven Kou walionyesha kwamba ukikagua kizuizi kwa vipindi badala ya kila wakati, ni kama vile umekisogeza kizuizi hicho mbali zaidi. Kiasi cha kusogea ni takriban 0.58 ya mwendo wa kawaida wa bei kati ya ukaguzi mmoja na mwingine. Kwa mwendo wa kawaida, wanahesabu wanamaanisha mchepuko sanifu.

Kwa stopu inayofuata bei, kiasi hicho hulipwa mara mbili. Unakilipa juu, kwa sababu kilele ulichokiona ni kifupi kuliko kilele halisi, na unakilipa tena chini, kwa sababu unaamka bei ikiwa imeshaipita stopu. Ni vile vipande viwili tulivyovipasua.

Tuseme siku hiyo dhahabu ina mwendo wa kawaida wa senti 80 kwa dakika. Ukikagua kila dakika, unalipa takriban senti 47 juu na senti 47 chini. Kwa hiyo stopu yako ya dola tano, ikipimwa kutoka kilele halisi hadi bei uliyotokea, ni stopu ya karibu dola 5.93. Ukikagua kila dakika nne, mwendo wa kawaida huongezeka maradufu tu, si mara nne, kwa sababu bei haiendi njia moja. Hupanda na kushuka na sehemu ya safari hujifuta yenyewe. Umbali wako halisi unakuwa kama dola 6.86. Upande wa pili, ukikagua kila sekunde 15, mwendo hupungua kwa nusu na umbali unakuwa dola 5.47.

Hapo pana kanuni ya kukumbuka: ili kupunguza gharama hii kwa nusu, kagua mara nne zaidi. Kutoka dakika nne hadi dakika moja unaokoa senti 93. Kutoka dakika moja hadi sekunde 15 unaokoa senti 47 hivi. Kadiri unavyozidi kuharakisha, ndivyo kila hatua inavyozaa kidogo.

Kanuni hii ina mipaka. Inafaa pale mwendo wa kipindi kimoja ni mdogo ukilinganishwa na umbali wa stopu. Ukiwa na stopu ya dola tano na kukagua kila robo saa, bei inaweza kupita umbali wote huo na zaidi kati ya ukaguzi mmoja na wa pili, na hapo hesabu ya wastani haina tena la kukuambia. Tena, mwendo wa kawaida haukai mahali pamoja. Takwimu za ajira na za bei za Marekani zinapotolewa, saa tisa na nusu alasiri kwa saa za Afrika Mashariki majira yao ya joto, na saa kumi na nusu jioni majira ya baridi, dakika moja hubeba mwendo wa dakika nyingi za kawaida. Roboti yako haijabadilika, ila umbali wake uliofichwa umefura.

Basi kila bei mpya ndiyo bora?

Hadi hapa msomaji atadhani anayekagua kila bei mpya ndiye mshindi siku zote. Sivyo.

Kuna jambo moja ambalo ni hakika: ikiwa wote wawili wanapima bei zilezile kwa umbali uleule, anayekagua kwa vipindi hawezi kutoka mapema kuliko anayekagua kila bei. Kilele chake hakiwezi kuwa juu zaidi, hivyo stopu yake haiwezi kuwa juu zaidi, na bei ikiwa chini ya stopu yake basi imeshapita chini ya ile ya mwenzake. Yeye hutoka pamoja naye au baada yake. Lakini kutoka baadaye si lazima iwe kutoka kwa bei mbaya. Laiti dhahabu ingegusa 2,402.70 kwa sekunde chache tu kisha ikapaa hadi 2,415, wa kwanza angebaki na dola zake 27 akitazama, na wa pili angekuwa bado yumo.

Katika soko lisilo na mwelekeo, haya mawili husawazishana. Anayekagua mara chache hurudisha zaidi kutoka kwenye kilele, lakini vilele vyake kwa wastani huwa vya juu zaidi kwa sababu amekaa muda mrefu. Bei ya wastani ya kutokea haibadiliki. Kinachobadilika ni namna faida na hasara zinavyotawanyika. Wa kwanza atakuwa na biashara nyingi fupi na ndogo, na wa pili chache, ndefu na kubwa, za faida na za hasara pia. Na kwa kuwa kila biashara hulipa spredi, anayeingia na kutoka mara nyingi hulipa spredi mara nyingi.

Spredi yenyewe nayo ina mtego wake kwa anayekagua kila bei. Soko la foreksi hufunga siku yake saa kumi na moja jioni ya New York, ambayo kwetu ni saa sita usiku au saa saba usiku kulingana na majira yao. Dakika hizo watoa bei hupungua na spredi hutanuka. Ask inaweza kubaki karibu palepale huku Bid ikizama, kisha yote yakarudi kama kawaida baada ya muda mfupi. Hakuna aliyeuza dhahabu kwa wingi. Ni dirisha tu limefunguka upana. Stopu inayopima kila Bid itakutoa hapo. Ile inayosubiri mshumaa ufungwe huenda isijue kwamba kulikuwa na lolote.

Jaribio linalodanganya

Makosa makubwa zaidi hutokea kabla pesa haijawekwa, wakati wa kuijaribu roboti kwenye data ya nyuma. Data hiyo mara nyingi ni mishumaa ya dakika moja, na kila mshumaa hutoa namba nne tu: bei ya kufungua, ya juu, ya chini na ya kufunga. Hausemi ni ipi ilitangulia kati ya ya juu na ya chini.

Tuseme kilele chako ni 2,404.00 na stopu ni 2,399.00. Unakuja mshumaa uliofungua 2,404.00, ukafika chini 2,401.00, juu 2,408.00, na kufunga 2,407.50. Ikiwa bei ilishuka kwanza, ilifika 2,401.00 wakati stopu iko 2,399.00, ikaponea, kisha ikapanda, stopu ikainuka hadi 2,403.00, na bado umo. Ikiwa ilipanda kwanza, stopu ilifika 2,403.00, kisha bei ikashuka hadi 2,401.00, na umetoka. Mshumaa ni uleule, hadithi ni mbili. Programu ya majaribio itachagua moja bila kukuuliza.

Ndiyo maana kipimaji cha MetaTrader 5 kina namna kadhaa za kuendesha jaribio. `Open prices only` hutazama mwanzo wa kila mshumaa. `1 minute OHLC` hutumia zile namba nne za kila dakika. `Every tick` hutengeneza bei za katikati kwa kukisia kutoka kwenye mishumaa ya dakika, na `Every tick based on real ticks` hutumia bei zilizorekodiwa kweli. Kwa stopu inayofuata bei kwa karibu, ni hiyo ya mwisho inayofaa kuaminiwa. Roboti itakayofanya kazi kila bei mpya ikijaribiwa kwa mishumaa, jaribio hilo limepima roboti nyingine.

Pima ya kwako

Huhitaji kuamini hesabu za mtu. Chukua biashara zako thelathini hivi zilizofungwa na stopu inayofuata. Kwa kila moja tafuta Bid ya juu kabisa iliyotokea ukiwa ndani, toa bei uliyotokea, kisha toa umbali uliouweka. Kinachobaki ni gharama yako ya kukagua. Kwa mnunuzi wetu wa kwanza ni 2,407.90 kutoa 2,402.70 kutoa 5.00: senti 20. Kwa wa pili ni dola 4.10.

Kikiwa kidogo siku zote, ukaguzi wako unatosha. Kikikua siku za misukosuko na kupungua siku tulivu, muda wa ukaguzi ni mrefu kwa umbali uliouchagua. Ufupishe, au ukubali kwamba stopu yako ni pana kuliko ulivyoiandika na upunguze ukubwa wa loti. Kikiwa chini ya sifuri kwa zaidi ya senti chache, na hasa kwenye jaribio, kuna kosa: ama unapima kilele kwa bei moja na kutoka kwa nyingine, ama programu inatumia bei ya juu ya mshumaa kabla haijatokea.

Kumbuka pia mahali stopu inapoishi. Ile iliyojengwa ndani ya MetaTrader huendeshwa na programu iliyo kwenye kompyuta yako. Umeme ukikatika au bando likiisha, oda ya mwisho iliyokwisha kufika kwa broka hubaki, lakini haipandi tena. Hata `OnTick()` haikuhakikishii kila bei: bei mpya ikifika wakati ile ya awali bado inashughulikiwa, tukio lake halipangwi foleni, linaachwa. Kwa hiyo hata unayetaka kukagua kila mara, weka stopu halisi kwa broka, na uiinue kwa hatua, kwa mfano kila kilele kinapoongezeka senti 20, ili usimtumie broka maombi ya kubadilisha oda kwa kila senti.

Na hata ukaguzi wa kila bei una mwisho wake. Tarehe 15 Januari 2015 Benki Kuu ya Uswisi iliacha ghafla kulinda kiwango cha faranga 1.20 kwa yuro, na ndani ya dakika chache yuro ikawa chini ya faranga moja. Stopu zilizokuwa zimepangwa kwa uangalifu chini kidogo ya 1.20 zilitekelezwa mbali sana na pale zilipoandikwa, kwa sababu katikati hapakuwa na wanunuzi. Kukagua mara nyingi hukupa bei iliyopo mapema zaidi. Hakukuumbii bei ambayo haipo. Hatari ya aina hiyo haidhibitiwi na stopu. Hudhibitiwa na ukubwa wa loti unaouchagua kabla ya kuingia.